Mafao ya urithi: Majina yasiyofanana yanavyochelewesha haki ya mjane

FOMU ya kudai mafao ya urithi katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) hujazwa kwa muda mfupi. Inataka jina la marehemu, namba yake ya uanachama, mwajiri wake wa mwisho, majina ya mjane na watoto, na akaunti ya benki. Kinachochukua miezi, na mara nyingine miaka, ni vyeti vinavyoambatanishwa na fomu hiyo.

Kwa familia za Mkuza na maeneo mengine ya Kibaha jambo hili si geni. Wengi huishi kwa kilimo kidogo, kufuga kuku na biashara ya kando ya barabara ya Morogoro, huku mmoja katika nyumba akiwa ameajiriwa kiwandani, shambani au katika kampuni ya Dar es Salaam. Mwajiriwa huyo anapofariki, familia hupoteza fedha taslimu ya kila mwezi iliyokuwa ikinunua chakula cha kuku na kulipa ada. Mafao ya urithi yamewekwa ili kuziba pengo hilo.

Tangu mwaka 2018, mifuko ya watumishi wa umma ilipounganishwa kuwa PSSSF, NSSF imebaki kuhudumia sekta binafsi na watu waliojiajiri. Hivyo mjane wa mfanyakazi wa kiwanda, na mjane wa mkulima aliyekuwa akichangia kwa hiari, wote hudai NSSF.

Swali la kwanza ni kama marehemu alitimiza masharti. Sheria ya NSSF ya mwaka 1997 ilitoa pensheni ya urithi kwa wategemezi wa mwanachama aliyekuwa tayari akilipwa pensheni, au ambaye michango yake ilitosha kumpatia pensheni ya uzee au ya ulemavu. Kwa uzee ni michango ya miezi 180, yaani miaka 15. Kwa ulemavu njia ni fupi zaidi. Inatosha miezi 36 ya michango, mradi 12 kati ya hiyo iwe ile ya mwisho kabla ya tukio. Asiyefikia masharti hayo familia yake haipati pensheni ya kila mwezi bali malipo ya mkupuo.

Hiyo miezi 12 ya mwisho ndiyo inayowaangusha wengi, hasa wanaochangia kwa hiari. Mfanyabiashara aliyechangia miaka mitano kisha akasimama kwa sababu biashara ilidorora, akafariki baada ya miaka miwili ya kutolipa, anaiacha familia yake nje ya pensheni ingawa miezi yake ni 60. Vivyo hivyo mfanyakazi ambaye mwajiri wake alimkata mshahara bila kuipeleka fedha kwenye Mfuko. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri ndiye mwenye wajibu wa kuuwasilisha wote, pamoja na sehemu iliyokatwa kwa mfanyakazi. Kwa hiyo jambo la kwanza la kuomba ofisini ni taarifa ya michango ya marehemu. Isomwe mwezi kwa mwezi. Panapoonekana mwezi mtupu wakati marehemu alikuwa kazini, hati zake za mshahara zinazoonyesha makato ndizo ushahidi wa kumbana mwajiri. Karatasi hizo zisichomwe pamoja na takataka baada ya matanga.

Chukua mfano wa baba wa Mkuza aliyefanya kazi kiwandani miaka 11 bila kukatisha, akafariki akiwa bado kazini. Ana michango 132. Haifiki 180, lakini inazidi 36, na 12 ya mwisho ipo yote. Familia yake inastahili pensheni. Ameacha mke wa miaka 38 na watoto watatu, wa miaka 6, 11 na 16.

Tuseme pensheni iliyokokotolewa ni Sh150,000 kwa mwezi. Kwa mgawanyo wa sheria ya 1997, mjane hupata asilimia 40, ambayo ni Sh60,000, na watoto hugawana sawa asilimia 60, ambayo ni Sh90,000, yaani Sh30,000 kila mmoja. Kama wangekuwa wajane wawili, wangegawana sawa ile asilimia 40, na sehemu ya watoto isingeguswa. Wazazi wa marehemu huingia pale tu ambapo hakuna mjane wala mtoto.

Muda wa malipo nao umewekwa. Mjane mwenye miaka 45 au zaidi, au mwenye mtoto wa chini ya miaka 15, huendelea kulipwa hadi atakapofariki au kuolewa tena. Asiye na sifa hizo hulipwa miaka miwili. Mjane huyu wa Mkuza hajafika 45, lakini ana watoto wa miaka 6 na 11, hivyo haangukii katika kundi la miaka miwili. Mtoto hulipwa hadi miaka 18, au 21 akiwa bado masomoni. Yule wa miaka 16 atakapotimiza 18, barua ya shule au chuo ndiyo itakayofanya malipo yake yasikatike, na ni vema iandaliwe mapema.

Baada ya hapo ndipo safari ya vyeti inapoanza, na ina mpangilio wake. Cha kwanza ni cheti cha kifo. Kibali cha mazishi kinachotolewa hospitalini si cheti, bali ni hatua ya kukipatia. Kifo hutakiwa kusajiliwa ndani ya siku 30, na cheti hutolewa chini ya RITA kupitia msajili wa wilaya. Aliyefia nyumbani huanzia kwa uongozi wa mtaa au kijiji. Jina litakaloandikwa hapo ndilo litakalofuatwa mahakamani na NSSF, kwa hiyo anayekwenda kusajili aende na kitambulisho cha Taifa cha marehemu na kadi yake ya uanachama, badala ya kulitaja jina kwa mdomo.

Hapa ndipo madai mengi yanapokwama. Kazini marehemu aliandikwa majina mawili, kitambulisho cha Taifa kina matatu, cheti cha ndoa kina jina la ukoo, na cheti cha mtoto kina jina la utani lililozoeleka mtaani. "Saidi" na "Said" kwa jirani ni mtu mmoja. Kwa karani anayelinda fedha isichukuliwe na asiyehusika, hao wanaweza kuwa watu wawili. Mtu aliye hai angerekebisha mwenyewe jina lake kwa hati ya kisheria, lakini marehemu hawezi kutia saini. Kinachobaki ni hati ya kiapo, ambapo msimamizi wa mirathi au ndugu anaapa kuwa majina yale yote ni ya mtu mmoja, ikisindikizwa na barua ya mwajiri na ya serikali ya mtaa.

Cha pili ni ushahidi wa wategemezi. Mke huthibitishwa kwa cheti cha ndoa, mtoto kwa cheti cha kuzaliwa chenye jina la baba. Waliokaa pamoja miaka mingi bila ndoa ya cheti wana mlango mmoja. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinaruhusu mahakama kuwachukulia kuwa ni mume na mke walioishi pamoja miaka miwili au zaidi na kutambulika hivyo katika jamii. Lakini dhana hiyo inaweza kupingwa, hasa akitokea mke mwingine mwenye cheti. Mtaa wenyewe hauwezi kuitangaza.

Cha tatu ni uteuzi wa msimamizi wa mirathi. Ukoo hukaa, huandika muhtasari na kupendekeza mtu, lakini muhtasari haumpi mtu huyo mamlaka yoyote. Anayeteua ni mahakama. Katika Mahakama ya Mwanzo maombi huwasilishwa kwa Fomu Na. I, tangazo hutolewa ili mwenye pingamizi ajitokeze, na uteuzi hutoka kwa Fomu Na. IV. Hiyo ya IV ndiyo msimamizi huionyesha katika taasisi zinazoshika fedha za marehemu.

Kuna makosa mawili yanayogharimu hapa. La kwanza ni mahali. Mahakama ya Mwanzo ina mamlaka pale ambapo marehemu alikuwa na makazi yake ya kudumu. Aliyeishi Mkuza miaka 20 mirathi yake ni ya Kibaha, hata kama alizaliwa na kuzikwa Songea. Ndugu wakifungua kwao kwa sababu mazishi yalifanyika huko, shauri linaweza kufutwa na kazi kuanza upya. La pili ni aina ya sheria. Mahakama ya Mwanzo husikiliza mirathi inayofuata mila au sheria ya Kiislamu. Marehemu ambaye maisha yake hayakufuata mila wala Uislamu, mirathi yake huanzia Mahakama ya Wilaya au ya juu zaidi. Swali hilo liulizwe masjala kabla ya kulipa ada.

Msimamizi naye ana mipaka. Ndani ya miezi minne hutakiwa kuwasilisha orodha ya mali na madeni kwa Fomu Na. V, kisha hesabu ya mgawanyo kwa Fomu Na. VI. Kuteuliwa hakumfanyi kuwa mrithi. Shemeji aliyeteuliwa hawezi kuubadili mgawanyo wa asilimia 40 na 60, wala kikao cha ukoo hakiwezi kuamua kuwa pensheni ya watoto ijenge kaburi au ilipe deni la harusi. Ndiyo sababu akaunti inayoandikwa katika fomu ya madai ni ya kuangaliwa kwa makini kuliko sehemu nyingine yoyote. Sehemu ya mjane iende kwa mjane, na ya watoto kwa mlezi anayeishi nao.

Iwapo kifo kilisababishwa na ajali au ugonjwa uliotokana na kazi, kuna dai jingine katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ulioanza kazi mwaka 2015. Taasisi hiyo ni tofauti na NSSF na ina fomu zake, na mwajiri ndiye anayeanza kwa kutoa taarifa ya tukio. Familia inayopeleka karatasi NSSF pekee inaweza kuacha haki hiyo mezani.

Sehemu kubwa ya kazi hii inaweza kumalizwa wakati mchangiaji yu hai, kwa kuweka pamoja kadi ya NSSF, kitambulisho cha Taifa, cheti cha ndoa na vyeti vya watoto, na kusoma jina moja moja. Herufi isiyolingana leo hurekebishwa na mwenye jina mwenyewe. Baada ya kifo, herufi hiyohiyo hurekebishwa na mjane, kwa kiapo na nauli za kwenda na kurudi, huku kuku wakisubiri chakula.