Kisigino kinachouma asubuhi: dawa ya kwanza iko kitandani

Huko Kapolowe, kama kwingi katika Haut-Katanga, mtu akisema kisigino kinamuuma anapoamka, majirani humpa jibu moja kati ya mawili: ni goti ya kula nyama, au ni mfupa umeota chini ya mguu. Mara nyingi majibu yote mawili si kweli, na yote mawili yanamtoa mtu feza bure.

Goti kwa kawaida hushika ghafla kwenye kidole kikubwa cha mguu, kikavimba na kuwa chekundu. Maumivu ya kisigino yana tabia yake. Chukua mfano wa mama anayeuza samaki wa ziwa Tshangalele kando ya barabara ya Likasi, anayesimama siku nzima na babushi zilizokwisha chini. Asubuhi anakanyaga sementi, na hatua ya kwanza ni kama msumari. Baada ya hatua kumi au ishirini maumivu yanapungua. Akikaa chini muda mrefu kisha akainuka, yanarudi. Akibonyeza kwa kidole gumba upande wa ndani wa kisigino, pale kinapoelekea katikati ya unyayo, anapata mahali penyewe panapouma.

Hapo panashikilia utando mgumu unaotoka kwenye mfupa wa kisigino kwenda hadi kwenye vidole. Waganga wa hospitali huita ugonjwa wake fasiiti ya unyayo. Usiku mtu akilala, mguu unaelekea chini na utando unakaa umefupika. Asubuhi uzito wote wa mwili unauvuta kwa mara moja. Na ule mfupa ulioota? Radio huuonyesha pia kwa watu wengi wasioumwa hata kidogo, kwa hiyo picha peke yake haithibitishi kitu.

Sasa kunyoosha. Kosa kubwa ni wakati, kwa sababu watu wengi hunyoosha wakiwa wamekwisha kwenda kisimani na kurudi. Kunyoosha kwa kwanza kunapaswa kufanyika kabla mguu haujagusa chini. Mama yule akae ukingoni mwa kitanda, aweke mguu unaouma juu ya goti la mguu mwingine, ashike vidole vyote vya mguu kwa mkono na kuvivuta kuelekea kwenye mfupa wa mbele wa mguu. Kwa mkono mwingine apapase unyayo: akisikia utando umekaza kama kamba, amevuta vizuri. Asiposikia kamba, amevuta kifundo tu, vidole havikuvutwa. Ahesabu hadi 10, aachilie, arudie mara 10. Kisha avae viatu kabla ya kukanyaga. Afanye hivyo mara 3 kwa siku, hasa kabla ya kuinuka baada ya kukaa muda mrefu.

Njia hii ilipimwa Amerika na munganga DiGiovanni na wenzake, katika utafiti uliotoka mwaka wa 2003, kwa watu 101 waliokuwa wameumwa kwa miezi 10 au zaidi. Baada ya wiki 8, waliovuta vidole walikuwa na nafuu zaidi kuliko walionyoosha nyama ya nyuma ya mguu kwa kusukuma ukuta. Ni kweli wote walipewa pia soli za kuweka ndani ya viatu na vidonge vya maumivu, kwa hiyo haifai kusema kunyoosha peke yake kulifanya kazi yote. Lakini hakuna bei, na hilo lina uzito mahali ambapo sindano moja inakula faida ya siku kadhaa za soko.

Sindano ya kotizoni ndiyo inayoombwa haraka. Inatuliza kwa wiki kadhaa, halafu maumivu mara nyingi yanarudi, na ikirudiwa-rudiwa inaweza kukata utando au kupunguza mafuta yanayolinda kisigino. Kuianza kabla ya miezi miwili ya kunyoosha ni haraka isiyo na sababu.

Anayenyoosha asitegemee nafuu baada ya siku tatu. Dalili ya kwanza ni kwamba hatua zile za maumivu zinapungua: kutoka ishirini hadi kumi, kisha tano. Maumivu yakizidi siku nzima baada ya kuvuta, amevuta kwa nguvu mno.

Wako wasiopaswa kungoja wiki 8. Kisigino kinachouma usiku mtu akiwa amelala, kinachokufa ganzi, kilichovimba na kuwa cha moto, au kinachouma sana kikibanwa kutoka pande zote mbili, kionwe na munganga. Vilevile mwenye sukari, na kijana anayeumwa visigino vyote viwili huku mgongo wake ukiwa mgumu kila asubuhi kwa zaidi ya nusu saa.