Akaunti ya Biashara Inaibiwa kwa Sababu ya Advansi

Wakulima wenzangu, wengi wenu mnaouza vifaranga, miche, vitunguu na ndizi huku Tarime na Serengeti duka lenu ni WhatsApp. Mteja anaona picha kwenye stetasi, anauliza bei, anatuma nusu ya hela, mzigo unapanda basi au bodaboda. Biashara inakwenda vizuri tu. Lakini mtindo huo wa kupokea advansi kwa maneno ya kwenye simu ndio unaomfanya tapeli aitake akaunti yako. Picha zako za kuku hana shida nazo. Anataka wale watu mia mbili waliozoea kukutumia hela kabla hawajaona mzigo.

Ninavyoona mimi, tunapoteza muda mwingi kuzungumzia nywila ngumu na tunasahau utaratibu wa malipo. Akaunti inaweza kuibiwa hata ukiwa makini. Mei 2025 akaunti ya X ya Jeshi letu la Polisi ilidukuliwa ikarusha uongo. Kama wao imewapata, wewe na mimi tujipange kwa namna ambayo hata akaunti ikiibiwa, mwizi asipate kitu.

Tuanze na namna inavyoibiwa. Tuseme kuna dada yuko Mugumu anauza vifaranga chotara kwa oda. Bei yake ni shilingi 2,000 kifaranga, mteja wa vifaranga 100 anatanguliza 100,000. Siku moja anapata ujumbe kutoka kwa mteja anayemfahamu kabisa: "Dada samahani, kuna namba sita nimezituma kwako kimakosa, nirudishie haraka." Kweli akiangalia SMS anakuta hii:

```
Your WhatsApp code: 123-456
Don't share this code with others
```

Kilichotokea ni kwamba akaunti ya yule mteja tayari imeshaibiwa. Mwizi ameweka WhatsApp kwenye simu yake, akaandika namba ya dada, na mtandao ukatuma tarakimu sita kwenye laini ya dada ili kuthibitisha. Akizituma tu, WhatsApp inafunguka kwenye simu ya mwizi na kwake inajifunga. Meseji za zamani mwizi hazioni, lakini magrupu yote anayakuta, pamoja na jina la biashara na picha zake. Anaandika kwenye grupu: "Vifaranga wametoka leo, wamebaki 300, bei ya ofa 1,500. Laini yangu ina shida, tuma kwa namba hii." Ni wimbo uleule wa "ile hela tuma kwenye namba hii" tuliouzoea kwenye SMS, ila sasa unaimbwa kwa sauti ya mtu unayemwamini.

Kuna njia nyingine mbili mzijue. Ya kwanza, mwizi anakubembeleza ubonyeze namba inayoanza na `*21*` ikifuatiwa na namba ya simu, eti unapata bando au mkopo wa pembejeo. Ukibonyeza, simu zinazokuja kwako zinahamia kwake, halafu anaiomba WhatsApp imsomee zile tarakimu kwa kupiga. Kama umeshabonyeza, piga `##21#` kuifuta. Ya pili ni ya kuunganisha kifaa. Anakupa herufi na namba nane uziingize kwenye WhatsApp yako, labda kwa kisingizio cha kupiga kura ya shindano la mkulima bora. Hapo simu yako inaendelea kufanya kazi kama kawaida, ila na yeye anasoma kila kitu pembeni. Hii ndiyo mbaya zaidi kwa sababu hakuna kelele. Fungua `Linked devices` mara kwa mara, na ukiona kompyuta au simu usiyoijua, itoe hapohapo.

Kinga ya kwanza haichukui dakika tano. Ingia `Settings`, kisha `Account`, kisha `Two-step verification`, weka PIN ya tarakimu sita na barua pepe unayoweza kuifungua. Kuanzia hapo, hata mwizi akizipata zile sita za SMS atakwama kwenye PIN. Isiwe mwaka wako wa kuzaliwa, na isifanane na PIN ya hela. Ila tuelewane: PIN hiyo haizuii ile njia ya kuunganisha kifaa, na haimzuii mtu anayefungua namba mpya, akaweka picha yako na jina lako, akawaandikia wateja wako kwamba umebadilisha namba. Huyo hajaiba chochote kwenye simu yako. Ameazima sura tu.

Laini yenyewe ni suala lingine, na hapa sisi watu wa Mara tuna tabia mbaya. Vijana wengi biashara zao ziko kwenye laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mjomba, au cha wakala aliyekuwa na haraka. Siku laini ikiibiwa au simu ikidondoka mtoni, huwezi kuirudisha bila alama ya kidole ya mwenye usajili, na mjomba yuko Geita machimboni. Piga `*106#` uone laini zilizosajiliwa kwa NIDA yako. Kama namba ya biashara haimo, anza kuishughulikia leo wakati hakuna tatizo. Na ukiiona namba usiyoijua kwenye orodha yako, nenda kwa kampuni ya simu uiondoe.

Dalili ya laini kuhamishwa ni simu kupoteza mtandao ghafla. Najua, huku kwetu mtandao unapotea ukivuka kilima tu. Kwa hiyo muulize jirani anayetumia kampuni hiyohiyo. Kama yeye anapata na wewe hupati hata baada ya kuzima na kuwasha, chukua simu yake upige 100 huduma kwa wateja, wafunge laini yako kwanza, maelezo baadaye.

Sasa nije kwenye jambo ninalolisisitiza kuliko yote. Chukua Lipa Namba yenye jina la biashara yako. Mteja akiingiza ile namba, jina linatokea kwenye skrini kabla hajaweka PIN yake. Mwizi anaweza kuiga picha na maneno, lakini kulifanya jina la biashara yako litokee kwenye namba yake si rahisi. Nasikia mnalalamika kuhusu makato. Makato yapo, ndiyo. Lakini yahesabu kama unavyohesabu chanjo ya kideri: unatoa kidogo kwa kila kuku ili banda lisiishe.

Lipa Namba peke yake haitoshi kama wateja hawajaambiwa. Kwenye maelezo ya grupu, kwenye stetasi ya kila wiki na kwenye karatasi inayobandikwa kwenye boksi la mzigo, andika maneno yaleyale: "Malipo yetu ni kwa Lipa Namba hii tu, jina linalotokea ni hili. Hatubadilishi namba ya malipo kwa ujumbe. Ukiona tofauti, piga simu ya kawaida." Hayo maneno "simu ya kawaida" usiyaache. Mwizi aliyechukua WhatsApp kwa zile tarakimu sita hana laini yako; laini bado iko mfukoni mwako. Mteja akikupigia kwa njia ya kawaida utapokea wewe, na uongo unaishia hapo. Akipiga kwa WhatsApp anampigia mwizi.

Ninyi wa Sirari mna ugumu wenu. Wanunuzi wa Isebania na Migori wanalipa kwa laini za Kenya, na wengi wenu mna laini ya `+255` na ya `+254`. Tapeli anapenda hali hiyo kwa sababu ujumbe wa "leo tuma kwenye ya Kenya" hauwashtui watu. Zitangazeni namba zote mbili tangu mwanzo, na majina yake yanavyotokea, ili ya tatu ikijitokeza ionekane ngeni.

Na ukishaibiwa? Fungua WhatsApp papo hapo, andika namba yako, omba tarakimu sita upya uziingize. Mwizi anatolewa dakika hiyohiyo. Akiwa ameweka PIN yake, utasubiri siku 7 ndipo uingie bila hiyo PIN, lakini katika siku hizo na yeye yuko nje. Wakati mwingine anaingiza tarakimu za uongo mara nyingi makusudi ili mtandao uache kutuma SMS kwa saa kadhaa. Usishindane naye kwa kubonyeza ovyo, subiri muda unaoonyeshwa. Wakati unasubiri, tuma SMS za kawaida kwa wateja. Ndiyo maana nawaambia muwe na namba za wateja kwenye daftari, si kwenye simu tu. Mwenzako aliye kwenye grupu aandike onyo pale, na kama ni msimamizi aiondoe namba yako.

Namba iliyopokea hela itume kwa TCRA: unapeleka ule ujumbe wa kitapeli kwenda 15040, wanakujibu uingize namba uliyotumiwa nayo, unaituma. Ni bure. Mteja aliyetuma hela apige 100 kwa kampuni yake bila kuchelewa, maana hela ikishatolewa kwa wakala hakuna cha kuzuia. Halafu nendeni polisi mkachukue RB. Kujifanya mtu mwingine mtandaoni ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, lakini bila RB na skrini shoti hakuna atakayelifungulia jalada.

Linabaki swali ambalo vijana mnabishana nalo sana: mteja aliyetapeliwa kwa jina lako, umlipe? Wengi husema hapana, kwa sababu na wewe umeibiwa. Mimi nasema inategemea ulimwambia nini kabla. Kama Lipa Namba yako ilikuwa imebandikwa kila mahali na yeye akatuma kwa jina asilolijua kwa tamaa ya ofa, hiyo ni hasara yake, na unaweza kumweleza hivyo bila kuona aibu. Lakini kama wewe mwenyewe mwezi uliopita ulimwambia "leo tuma kwa ya mke wangu", na juzi "tuma kwa ya dereva", basi ulimfundisha kwamba namba inayobadilika ni kitu cha kawaida. Huyo mkae mgawane hasara, hata kama ni kumpunguzia bei ya vifaranga kwenye oda mbili zinazofuata.