Gari Nitatoa, Huyo Mama Ngoja Kwanza

Kuna bibi harusi amemwandikia mpiga picha wake barua fupi, na mpiga picha akaniletea mimi kwa sababu mimi ndiye humfanyia kazi ya kuediti. Dada mwenyewe amekubali niizungumzie mradi nisitaje jina. Anasema hivi:

"Kaka, picha ni noma, Mungu akubariki. Naomba vitu viwili tu. Ile Probox nyeupe nyuma yetu pale bustanini itolewe. Pia yule mama wa kitenge cha kijani kwenye picha ya familia, hatukumwalika. Mtoe kabla albamu haijachapishwa."

Vitu viwili tu, eti! Wengi wenu mtadhani ni kazi moja: unafuta, unasonga. Hebu niwaonyeshe.

Tuanze na Probox. Imesimama mbele ya ua wa kayaba, na majani ni rahisi kuyajaza. Unachukua kipande cha ua kilicho safi na kukipaka juu ya gari kwa Clone Stamp. Ukikipaka mara nyingi kutoka sehemu moja, matawi yanakuwa mapacha, tawi lile lile linajirudia mara nne, na hata nyanya yako ataona kuna kitu si sawa. Dawa yangu ni kuomba picha zote zilizopigwa pale pale. Mpiga picha alikuwa amebonyeza mara kadhaa, na kwenye zile za mwisho dereva alikuwa ameshaondoa gari. Kwa hivyo nilichukua ua halisi na kuuweka mahali pake. Halafu nikafuta kivuli cha gari kwenye nyasi, maana kivuli kisicho na mwenyewe ndicho huchoma picha.

Lakini veli ilinipea kazi, bana. Ni kitambaa cha kuona ndani, na mlango mweupe wa Probox unaonekana kupitia hapo. Huwezi kuukata ukingo wake kama ukingo wa suti. Ilibidi nipunguze ule weupe polepole na kuingiza kijani cha ua chini ya kitambaa, tundu kwa tundu. Saa mbili zilienda kwa veli peke yake. Ukitaka kujua kama umelipuliwa kwa kazi kama hii, usiangalie pale gari lilikuwa. Angalia veli na nywele.

Sasa huyo mama. Angekuwa mwisho wa mstari, ningekata ukingo wa picha na tungemaliza. Lakini amesimama katikati. Bega lake limefunika nusu ya gauni la shangazi mmoja, na kile kipande cha gauni kamera haikukiona kabisa. Nikimtoa, lazima nikope gauni kutoka picha nyingine au nilibuni. Na kuna mkono. Mama mzazi wa bwana harusi amemshika mkono, na anacheka kwelikweli. Nikimtoa mgeni, mama mkwe anabaki ameshika hewa, kwa hivyo itabidi nimbadilishie na yeye mkono.

Hapo ndipo niliweka mausi chini. "Hatukumwalika" ni nani na nani? Harusi zetu mnazijua: kamati inachapisha kadi, halafu mama mkwe anapigia watu wake simu. Kukosa kadi si kukosa mwenyeji, na ule mkono unasema huyu mama alikuwa na mwenyeji.

Sisemi bibi harusi hana haki. Kuna wapiga picha hupenda kusema "picha ni zangu, nilipiga mimi." Poleni. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inasema kazi ikiagizwa na mtu, hakimiliki inahesabiwa kuhamia kwa aliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana tofauti. Kwa hivyo someni mkataba kabla ya kubishana na mteja. Picha zake za yeye na mumewe, akitaka nitoe hata mti, nitautoa.

Picha ya familia naona ni tofauti, kwa sababu mama mkwe atafungua albamu hiyo na kumtafuta mtu aliyemshika mkono. Gari halitatafutwa na mtu, labda dereva. Akikuta mkono wake umechorwa upya, hiyo kesi haitaamuliwa na mpiga picha.

Kwa hivyo nimemwambia mpiga picha amjibu hivi: "Dada, gari limetoka kwenye picha zote sita. Kuhusu huyo mama, tafadhali muulize mama mkwe kwanza. Akikubali, tutafanya nakala ya pili ya albamu yako, na ile ya asili itabaki kama ilivyo na kupewa yeyote wa familia atakayeiomba. Kama hutaki kumuuliza, kuna picha nyingine ya familia, IMG_4127, ambapo huyo mama hayumo. Shangazi amefumba macho, lakini macho naweza kuyafungua kwa dakika kumi."