Pesa Zikishikiliwa, Jibu kwa Nyaraka

Mvua za kwanza zikinyesha Mbeya na Iringa, duka la pembejeo lililozoea kuuza laki nane kwa siku linaweza kuuza milioni kadhaa kwa siku moja. Kampuni inayopokea malipo kwa niaba ya duka haioni mvua. Inaona akaunti iliyobadilika ghafla, na inajua kuwa mzigo usipomfikia mteja aliyelipa kwa kadi, benki yake itadai fedha zirudishwe. Duka likiwa limekwishazitoa, hasara inabaki kwa kampuni. Ndiyo maana inazizuia kwanza.

Mwenye duka ana wajibu wa kujibu, na kelele za simu si jibu. Kampuni inataka kujua mambo mawili: je, bidhaa ilikuwepo kweli, na je, imefika?

Tuchukue mfano wa duka la Mwanjelwa lililolipwa 2,400,000 na kikundi cha wakulima wa Mafinga kwa mifuko 150 ya mbegu za mahindi, kila mmoja 16,000. Muuzaji aanze na ankara ya msambazaji yenye tarehe iliyotangulia mauzo, ikionyesha kuwa alinunua angalau mifuko hiyo. Afuatishe kumbukumbu namba ya muamala, risiti ya EFD ya kiasi hichohicho, na hati ya kupokelea mzigo iliyosainiwa Mafinga. Risiti hiyo inaweza kuhakikiwa kwenye verify.tra.go.tz, kwa hiyo ina uzito ambao risiti ya mkono haina. Leseni ya biashara na TIN ziwe na jina lilelile la akaunti. Jina likitofautiana, aeleze sababu kabla hajaulizwa.

Kila muamala mkubwa upewe mstari wake kwenye jedwali moja. Picha arobaini za simu zilizotumwa bila mpangilio humwachia mkaguzi kazi ya kuzioanisha, naye ataliweka faili kando.

Risiti iliyokatwa baada ya fedha kuzuiwa itaonyesha saa yake, na itazidisha shaka. Kuhamishia wateja kwenye namba binafsi ni kosa baya zaidi, kwa kuwa hufanana kabisa na mbinu ya anayekwepa ukaguzi.

Lakini kampuni nayo inawajibika. Sheria ya kudhibiti fedha haramu inaweza kuizuia kutaja kwamba imetoa taarifa kwa mamlaka, lakini hilo haliiruhusu kumwacha mfanyabiashara bila orodha ya nyaraka zinazotakiwa wala tarehe ya kujibiwa. Miamala iliyothibitishwa ilipwe, ibaki ile yenye utata pekee. Msimu wa kupanda ni mfupi, na mtaji uliokwama Desemba haununui mbolea ya kukuzia ya Januari.

Mfanyabiashara aliyewasilisha yote na asipate jibu aandike lalamiko rasmi kwa kampuni na kutunza nakala yenye tarehe. Likipuuzwa, alifikishe Benki Kuu ya Tanzania, inayosimamia mifumo ya malipo chini ya sheria ya mwaka 2015, akiambatanisha jedwali lilelile.