Nakala isiyouzwa haina unafuu

Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye siku hizi ni mwalimu wa Kiswahili, huandika na kuuza vijitabu vya mwongozo wa fasihi kwa shule chache. Juzi alinijia akiwa na majonzi. "Mwalimu," alisema, "niliambiwa nikichapisha vingi nitapata nafuu. Mbona nimebaki na mabunda chini ya kitanda?"

Hebu tuitazame hesabu yake. Kurudufu kijitabu kimoja kwa fotokopi kulimgharimu shilingi 75. Mpigachapa wa ofseti alitaka shilingi 9,000 za sahani na kutayarisha mtambo, kisha shilingi 35 kwa kila nakala. Nakala 500 zikagharimu shilingi 26,500, yaani shilingi 53 kila moja. Ni dhahiri kwamba 53 ni ndogo kuliko 75.

Alipotelezea ni hapa: aligawanya gharama kwa nakala zilizochapwa badala ya zilizouzwa. Aliuza 180 tu, kwa shilingi 150 kila moja, akapata shilingi 27,000. Faida ikawa shilingi 500. Lau angalirudufu hizo 180, angalitumia shilingi 13,500 na kubaki na 13,500 nyingine. Kwa fedha alizompa mpigachapa, angeweza kurudufu nakala 353. Kwa hivyo, kuchapa nakala 500 kwa ofseti kungemfaa iwapo tu angekuwa na hakika ya kuuza zaidi ya hizo.

Wala hawezi kungoja soko milele. Waliofanya KCPE ya mwisho mwaka 2023 ndio watakaofunga mlango wa KCSE ya mfumo wa 8-4-4 mwaka 2027. Baada ya hapo, mwongozo wa mtihani huo utabaki kuwa karatasi ya kufungia maandazi.

Usanifu wa kurasa nao una kipimo chake. Kijana mmoja alimtoza shilingi 4,000 kwa kazi ambayo ingemchukua mwenyewe saa 20. Maadamu saa hizo alizitumia kufunza wanafunzi wa ziada kwa shilingi 300 kila saa, alipata shilingi 6,000, akafaidika kwa 2,000. Angalizitumia kupiga gumzo, zile 4,000 zingekuwa hasara tupu.

Lakini jaladani pakatokea "Mwogozo". Mwandishi alikuwa ametia sahihi prufu bila kuisoma neno kwa neno, hivyo gharama ya kusahihisha ikamwangukia yeye. Isitoshe, hakuwa amedai faili asilia inayoweza kuhaririwa. Ikambidi amlipe kijana yule tena kwa ajili ya herufi moja.

Nilimshauri achukue kwanza oda za shule kwa maandishi, azijumlishe, ndipo achague baina ya fotokopi na ofseti. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari lake lilikuwapo. Safu ya mauzo ndiyo aliyoiacha wazi.