Dakika ya Ngapi, Mwanangu?

Jamani, leo naomba niseme, hata kama kesho ofisini nitaangaliwa kwa jicho la pembeni.

Wiki kadhaa zilizopita tulirekodi kikao cha wafanyabiashara wa soko moja hapa mjini, ambalo linavunjwa ili lijengwe upya. Tukairusha YouTube nzima nzima, saa 1 na dakika 58, tukajipongeza kwamba tumewapa wananchi habari bila kuichuja. Siku ya pili nikapita sokoni. Mama mmoja ninayenunua kwake mchicha, baada ya shikamoo na marahaba, akaniuliza: "Mwanangu, hiyo video yenu nimeifungua. Wamesema nani anapewa kizimba kwanza? Ni dakika ya ngapi?"

Sikujua. Mimi niliyekaa pale ukumbini na kalamu mkononi sikujua! Yeye alikuwa ameshachoma bando lake kumtazama fundi mitambo akipuliza kipaza sauti, "haloo, haloo, moja mbili", kwa dakika sita, halafu akakata tamaa.

Ndiyo maana nasema, ndugu zangu, kurusha video ndefu isiyo na sura ni uvivu tu, hata tukiupamba kwa jina la uwazi. Gazetini hakuna mhariri anayeruhusu ukurasa mzima utoke bila vichwa vidogo. Kwa nini kwenye video turuhusu?

Nilirudi ofisini kuirekebisha. Nitaeleza nilivyofanya, pamoja na nilivyokosea, maana wengi wanadhani video ikishapanda haiguswi tena.

Kwanza nikaandika sura kwenye maelezo ya video, yaani muda na jina la kila sehemu. Hazikutokea. Nilikuwa nimeanza na 06:20, pale mwenyekiti anapofungua kikao, kumbe mstari wa kwanza lazima uwe 00:00. Zaidi ya hapo, sura zisipungue tatu, zifuatane kwa muda, na kila moja iwe na sekunde 10 au zaidi. Ukikosea, YouTube haikuambii kitu. Unachoona ni ule mstari wa chini ya video umebaki mzima, haujakatika vipande.

Nikasema sawa, basi nikate zile dakika za "haloo". Ndani ya YouTube Studio kuna Editor, ukifungua Trim & cut unaondoa kipande cha video iliyokwisha kurushwa, na anwani yake, idadi ya watazamaji na maoni vinabaki. Nikakata dakika 6 na sekunde 20 za mwanzo. Mwishoni, kikao kilikwisha lakini kamera iliendelea kuwaka, nikaacha sekunde 20 za watu wakiinuka na nikatupa dakika 6 zilizobaki. Video ikawa ya 1:45:40. Subira inahitajika, kwani video ndefu huchukua saa kadhaa kuchakatwa, na muda huo wote watu wanaendelea kuiona ya zamani.

Hapo nikakosea tena. Nilirekebisha ule mstari wa kwanza peke yake, nikasahau kwamba ukikata mwanzo, muda ulioandika kwenye maelezo haujisogezi. Habari ya vizimba niliyoiandika 1:14:20 sasa ilikuwa 1:08:00. Aliyebofya alimkuta diwani akizungumzia mitaro! Kwa hiyo kata kwanza, sura baadaye. Orodha ikaishia hivi:

```
00:00 Ajenda ya kikao
07:15 Ramani ya soko jipya
28:40 Malalamiko ya wauza mboga
51:05 Kodi ya kizimba itakuwa kiasi gani
1:08:00 Nani atapewa kizimba kwanza
1:31:30 Jinsi ya kuweka pingamizi
```

Angalia majina hayo. Kuna mwenzangu alitaka sura ya nne iitwe "KIMENUKA! Mama amlipua mwenyekiti". Nikakataa. Mama hakumlipua mtu, aliuliza kodi itakuwa kiasi gani. Jina la sura ni kichwa cha habari, na likidanganya, gazeti limedanganya.

Tukaja skrini ya mwisho. Hii inakaa ndani ya sekunde 5 hadi 20 za mwisho za video, na ndiyo sababu niliziacha zile sekunde 20 za watu wakiinuka. Ungeikatisha video mwenyekiti akiwa bado anaongea, vile viboksi vingemfunika uso. Kuna kishawishi cha kuchagua video iliyopandishwa karibuni, iwe inajibadilisha yenyewe. Tulivyozoea sisi, mtu anayewaza biashara yake itahamia wapi angemalizia kwa kuonyeshwa msanii aliyeachana na mchumba. Nikachagua mwenyewe video moja: mahojiano yetu na ofisa masoko kuhusu fomu za pingamizi. Basi.

Sasa wito wa kufungia. Bosi wa mtandao alitaka nirekodi sauti, "usisahau kulaiki, kushea na kugonga kengele", tuipachike mwishoni. Haiwezekani. Video iliyokwisha kurushwa unaweza kuipunguza, huwezi kuiongezea kipande. Ili uongeze lazima uipandishe upya, na hapo unapoteza anwani ambayo watu wameshatumiana kwenye makundi ya WhatsApp, pamoja na maoni yote.

Nami nasema ni heri. Wito niliuandika mstari wa kwanza wa maelezo, unaoonekana kabla mtu hajafungua mengine, nikaurudia kwenye maoni niliyoyabana juu: "Kama jina lako halimo kwenye orodha ya vizimba, chukua fomu ya pingamizi ofisi ya soko kabla ya Ijumaa tarehe 14. Utaratibu uko 1:31:30." Ijumaa ilipopita nikaubadilisha kwa dakika moja. Ungekuwa umetamkwa ndani ya video, ungeendelea kuwatuma watu kwenye dirisha lililofungwa.

Tena ni wito mmoja, na anayefaidika nao ni mtazamaji. Mtu amekaa nasi karibu saa mbili kutafuta hatima ya kizimba chake, halafu jambo la mwisho tunalomwambia ni atuongezee namba? Hata omba omba ana aibu zaidi.

Bosi ana hoja yake na sitaidharau. Anasema ukiweka sura watu wataruka, muda wa kutazama utashuka, na muda ndio pesa. Kweli, wapo watakaotazama dakika nne tu za vizimba na kuondoka. Lakini yule mama wa mchicha aliondoka kwenye "haloo, haloo" bila kufika popote. Namwomba bosi afungue takwimu za video zetu ndefu, atazame ule mchoro wa watazamaji unavyoporomoka dakika za mwanzo, halafu aniambie ni muda gani huo anaoogopa kuupoteza.

Sura hazitaponya sauti mbovu wala kikao kisicho na maana. Ila kazi yenyewe ilinichukua mchana mmoja, tena pamoja na makosa yangu yote. Tumerusha vikao vingapi virefu tangu sura zije mwaka 2020? Vyote viko pale, vimefungwa kama magunia yasiyo na lebo, na sisi tulioviandikia habari ndio tunaojua kilichomo.

Nilirudi sokoni. "Mama, ni saa moja na dakika nane. Bofya hapo palipoandikwa." Akabofya, akasikiliza hadi mwisho wa jibu, akafunga simu, akaita mtu wa kumshikia meza. Alikuwa anaenda kuchukua fomu.

Naomba kutoa hoja.