Midomo na sauti vifike pamoja: tutumie waya

Katika idara yetu, kutumia telefoni kama kamera ya kompyuta kumekuwa jambo la kawaida, na wengi huiunganisha bila waya kwa kuwa ni rahisi. Kwa mkutano wa kazi za kundi sina neno. Lakini kwa somo la fonetiki, au kwa mahojiano na msemaji wa lugha, naona tushike waya.

Tuchukue p ya Ciluba. Isipotanguliwa na m, hutamkwa kwa midomo miwili iliyokaribiana, hewa ikipita katikati. Sikio lililozoea Kiswahili huidhania f. Jicho ndilo linalotenganisha, maana kwa f mdomo wa chini hugusa meno ya juu. Basi mwalimu anayefuata mahojiano akiwa mbali anahitaji kuona midomo wakati uleule anaposikia sauti.

Hapo ndipo njia ya bila waya inapotuangusha. Sauti huingia moja kwa moja katika maikrofoni ya kompyuta, lakini picha hutoka kwenye telefoni, hupitia ruta, ndipo ifike. Wifi ikijaa watu, picha hubaki nyuma. Kamera ikitoa picha 30 kwa sekunde, kuchelewa kwa picha 3 ni sehemu ya kumi ya sekunde; konsonanti nzima inaweza kupita katika muda huo. Kupima si kazi: jirekodi ukipiga kofi moja mbele ya kamera, kisha tazama kama mlio unasikika kabla viganja havijakutana.

Kwa waya, baadhi ya telefoni zenye Android 14 au zaidi huonyesha chaguo la `Webcam` katika mipangilio ya USB. Nyingine huhitaji DroidCam kwenye telefoni na kwenye kompyuta, pamoja na kuwasha `Débogage USB`, ambayo hujitokeza ukigusa `Numéro de build` mara 7. Kazi ikiisha, izime. Kompyuta isipoiona telefoni, shuku waya kwanza, kwa sababu kuna waya za kuchaji tu.

Wenzangu watanijibu kwamba telefoni hiyohiyo ndiyo inayotupa mega. Ni kweli, na ikifanya kazi zote mbili hupata joto upesi. Heri kuazima ya pili kwa ajili ya kamera na kuiweka katika hali ya ndege: waya utaendelea kupitisha picha, wala simu haitaingia katikati ya neno.

Waya hautatibu intaneti dhaifu kati yetu na mwalimu. Kwa hiyo turekodi kwenye kompyuta yenyewe, kwa OBS Studio, na faili imfikie baadaye. Na katika ripoti ya kila mahojiano tuandike jinsi kamera ilivyounganishwa na kofi lilionyesha nini. Bila hayo, msomaji atajuaje kwamba midomo tuliyoieleza ni ya sauti ileile?